Kupima mzingo na eneo kwa kamba: kutoka sakafu ya darasa hadi uwanja wa shule

Mwanafunzi wa Darasa la Tano anaweza kufanya maswali kumi ya mstatili ubaoni bila kukosa hata moja, kisha ukamuuliza sakafu aliyokanyaga ina eneo gani, akakujibu: "Mita thelathini, mwalimu." Amejumlisha kuta nne. Jibu hilo nimelipata mara nyingi katika miaka niliyofundisha huku Rungwe, tena kwa watoto wenye akili nyepesi. Kwao mzingo na eneo ni kanuni mbili zinazotumia namba zilezile, moja ina alama ya kujumlisha na nyingine ina alama ya kuzidisha, na siku ya mtihani anachagua mojawapo kwa kubahatisha.

Kamba inafaa sana hapa kwa sababu kamba ina urefu tu. Itaizunguka sakafu yote, lakini haitaifunika. Mtoto akiishika kwa mkono wake, akaizungusha ukutani hadi ikarudi ilipoanzia, halafu akatazama katikati na kuona saruji bado iko wazi, ameshaona tofauti ambayo ubao hauionyeshi. Mwongozo huu unafuata njia hiyo kwa mikutano minne: kujenga mita ya mraba, kupima sakafu, kuchezea kamba ya mita 12, kisha kwenda uwanjani. Kila mkutano unahitaji vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Ukijaribu kuubana katika kipindi kimoja, watoto watamaliza kupima na kengele italia kabla hawajahesabu.

Kuandaa kamba

Kazi hii uifanye wewe mwenyewe siku moja kabla, maana kamba iliyotiwa alama vibaya itaharibu kila kitu kitakachofuata na watoto hawatajua kosa limetoka wapi.

Nunua kamba ya fundi, ile nyembamba ambayo waashi huinyoosha juu ya tofali ili safu isipinde. Watoto wa huku watakuletea kamba za mgomba, kwa kuwa ndizo zinazopatikana nyumbani. Zipokee, zitafaa kufungia vijiti, lakini usipimie. Zimeungwa vipande vipande na zikikauka zinakatika. Kamba ya katani inapimia vizuri ikiwa kavu, ila ikilowa umande hujaa maji na kufupika, na asubuhi za milimani ni za umande. Ya nailoni haijali maji, lakini inavutika: watoto wawili wenye nguvu wakiivuta kwa ushindani, alama ya mita 10 itasogea mbele ya macho yako. Kwa hiyo wazoeze tangu mwanzo kuivuta mpaka inyooke, basi, wasiendelee.

Usifunge mafundo ya kuhesabia. Hili nililifanya mwaka wa kwanza. Nilipima mita moja moja kwa rula ya ubaoni, nikatia alama, kisha nikageuza kila alama kuwa fundo. Fundo linakula kamba. Likila sentimita mbili tu, mafundo kumi yamekula sentimita 20, na kila unachokipima kinaonekana kirefu kuliko kilivyo. Badala yake, azima futikamba kwa fundi aliye jirani, ilaze chini, laza kamba pembeni yake, kisha katika kila mita funga kitambaa chembamba cha kanga chakavu juu ya kamba. Kamba yenyewe ibaki imenyooka. Anza kila alama kutoka sifuri ya futikamba, usianzie alama iliyotangulia, ili kosa dogo la mita ya kwanza lisijirudie katika kila mita. Kama huna futikamba kabisa, pigilia misumari miwili juu ya ubao mrefu kwa umbali wa mita moja kamili na uitumie hiyo kama kipimo, ukijua kwamba itakuwa na kosa kidogo zaidi.

Kitambaa cha sifuri kiwe chekundu na cha mita zingine kiwe cheupe. Acha mkia wa nusu mita nje ya alama za mwisho kila upande, ili mshikaji avute mkia na vidole vyake visifiche alama. Ukimaliza ikunje kamba katikati: kwenye kamba ya mita 10, alama ya 5 lazima iangukie kwenye mkunjo. Isipoangukia hapo, rudia.

Kwa darasa la wanafunzi 64 mimi huandaa kamba nne za mita 10 za kupimia sakafu, kamba nne zilizofungwa duara zenye mita 12 kila moja, na mbili za mita 20 za uwanjani. Hizo za duara, fundo la kuungia liwe kwenye mkia, nje ya hesabu, na alama ya 12 ikutane sawasawa na sifuri.

Hatua ya kwanza: mita ya mraba ambayo mtoto anaweza kusimama ndani yake

Kabla ya kuuliza sakafu ina mita za mraba ngapi, mtoto awe ameiona moja. Toka nje, mahali penye udongo uliofagiliwa. Kila kundi lichore mraba wenye pande za mita moja, na kona wazipate kwa kulaza daftari: kona ya daftari ni pembe mraba ambayo kila mtoto anayo mkononi.

Wakimaliza, waambie waingie ndani ya mraba wasimame bila kukanyaga mstari. Kundi langu la mwisho waliingia wanane kwa raha. Hapo mita ya mraba inapata ukubwa wake katika kichwa cha mtoto: ni mahali pa kusimama watu wanane. Baadaye akiniambia sakafu ina mita za mraba tano, namuuliza, "Kwa hiyo wenzako arobaini tu ndio wangetosha humu wakiwa wamesimama, kisha pajae?" Anatazama darasa, anajisahihisha mwenyewe.

Hapohapo maliza suala la sentimita za mraba. Waulize mita moja ya mraba ina sentimita za mraba ngapi. Karibu wote watasema 100. Mpe mmoja rula, achore kamraba kamoja ka sentimita moja kwenye kona ya mraba mkubwa. Safu moja kando ya mstari inaingia miraba 100. Safu zenyewe ziko ngapi hadi juu? Nazo 100. Ni 10,000. Usiharakishe hapa, wala usiwape jibu. Wakilipata kwa kunyooshea kidole udongo, hawalisahau.

Hatua ya pili: sakafu

Toeni madawati yote hadi barazani. Ndiyo, inachukua dakika kumi, lakini kamba inayopita juu ya miguu ya madawati haipimi sakafu, inapima madawati. Fagieni.

Watoto 64 hawawezi kupima chumba kimoja kwa wakati mmoja. Nusu wabaki nje wakichora miraba zaidi na kuihesabu kwa safu, nusu waingie ndani katika makundi manne, kundi moja kila ukuta. Baada ya dakika 20 wabadilishane. Katika kila kundi wawili wanashika kamba, mmoja anapima kipande kinachobaki kwa rula, mmoja anaandika, na mmoja analala kifudifudi kuangalia kama kamba imelala sakafuni kwa unyoofu. Waliobaki wanahesabu alama kwa sauti.

Mshikaji wa kwanza anabana kitambaa chekundu kwenye kona, pale ukuta unapokutana na sakafu. Wa pili ananyoosha. Wanahesabu mita kamili, kisha kipande kilichobaki hadi ukutani kinapimwa kwa rula. Waonye kuhusu rula: rula nyingi za plastiki zina nafasi kidogo kabla ya sifuri, na mtoto hubana ncha ya rula badala ya sifuri yenyewe.

Nikupe vipimo vya chumba kimoja tulichopima ili uone mambo yanavyokwenda. Makundi manne yalileta urefu huu: mita 8 na sentimita 40, mita 8 na sentimita 42, mita 8 na sentimita 38, na mita 9 na sentimita 40. Tofauti ya sentimita mbili mbili ni ya kawaida kwa kamba, wala usiipiganie. Lakini 9 na 40 imezidi kwa mita moja kamili, na kosa la mita moja kamili karibu kila mara lina chanzo kimoja: mtoto amehesabu kitambaa chekundu kuwa "moja". Anahesabu vitambaa badala ya nafasi zilizo kati yake. Sikumwambia. Nilimwita akanyooshe mikono na ahesabu vidole vya mkono mmoja, kisha ahesabu nafasi kati ya vidole hivyo. Vidole vitano, nafasi nne. Akarudi kwenye kamba yake bila kuambiwa.

Tukakubaliana urefu ni mita 8.4 na upana mita 6.5. Sasa mzingo kwanza. Wapange wafuatane kandokando ya kuta wakiwa na kamba, waizungushe hadi ilipoanzia, kamba ikiisha waanze upya kwenye alama ya mwisho. Ilitoka mita 29.8, na hesabu ya daftarini, 8.4 + 6.5 + 8.4 + 6.5, ikatoa hiyohiyo. Atatokea mtoto atauliza mlangoni inakuwaje, pale ambapo hakuna ukuta. Ni swali zuri, usilipite. Mzingo wa sakafu unapita mlangoni. Lakini fundi akitaka kupiga rangi ukanda wa chini wa ukuta, atatoa upana wa mlango. Kinachoamua ni kile unachotaka kujua.

Kisha eneo, na hapa ndipo muda wako uende. Miraba ichorwe sakafuni kweli, na ufundi wa kuichora haraka ni wa waashi: paka kamba chaki mpaka iwe nyeupe, watoto wawili waibane sakafuni kwenye alama za kuta mbili zinazotazamana, wa tatu aivute juu katikati na kuiachia. Inapiga sakafu na kuacha mstari ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Mistari 8 ya kukata urefu na 6 ya kukata upana inachorwa kwa dakika chache, na hakuna mtoto atakayekubali kukosa zamu ya kupiga kamba.

Wakimaliza, sakafu yenyewe inaonyesha kila kitu. Kuanzia kona moja kuna miraba kamili 8 kwa 6, yaani 48. Kando ya ukuta mmoja mrefu kumebaki ukanda wa nusu miraba, upana wake sentimita 50: ziko nane, na nusu nane ni mita za mraba 4. Kando ya ukuta mfupi umebaki ukanda wa sentimita 40, vipande sita vya 0.4, jumla 2.4. Na kwenye kona ya mwisho kuna kakipande kadogo ka 0.4 kwa 0.5, ambako ni 0.2. Jumlisha: 48 + 4 + 2.4 + 0.2 ni 54.6. Ndipo uwaruhusu wazidishe 8.4 mara 6.5 ubaoni. Inatoka 54.6. Mtoto aliyekuwa akihangaika na nukta katika kuzidisha desimali sasa anajua kila tarakimu imetoka upande gani wa sakafu, na kale ka 0.2 alikokuwa akikasahau amekasimamia kwa mguu.

Uliza swali moja kabla ya kurudisha madawati: mzingo ni 29.8 na eneo ni 54.6, je, kipi kikubwa? Wengi watasema eneo. Haviwezi kulinganishwa, kimoja ni mita na kingine ni mita za mraba, kama vile huwezi kusema kilo na lita kipi kirefu. Kwa sababu hiyohiyo, unapotunga mifano ya ubaoni epuka mraba wa 4 kwa 4 na mstatili wa 6 kwa 3. Kwa pande zenye namba kamili, ni hivyo viwili tu ambavyo mzingo na eneo vina tarakimu ileile, 16 na 16, 18 na 18, na mtoto aliyekosea njia atapata tiki.

Hatua ya tatu: kamba ya mita 12

Kama utapata nafasi ya kufanya mkutano mmoja tu katika yote haya, fanya huu. Unahitaji kamba ya duara, uwanja mtupu na vijiti vinne.

Anza kwa swali. Inua kamba, waonyeshe kuwa ina mita 12 na imefungwa, kisha uliza: "Nikitengeneza mistatili tofauti kwa kamba hii hii, eneo litabadilika?" Waache wapige kura kwa mikono. Katika madarasa yangu wengi husema halitabadilika, na sababu yao ina mantiki: kamba ni ileile. Andika idadi ya kura ubaoni au kwenye udongo, maana watakuja kuitazama.

Watoto wanne wanakuwa kona, wengine wanaongoza. Mstatili wa kwanza, 5 kwa 1. Wapigie vijiti, wachore miraba ndani, wahesabu: 5. Wa pili, 4 kwa 2: miraba 8. Wa tatu, 3 kwa 3: miraba 9. Kamba haijaongezwa wala kukatwa. Nilimsikia binti mmoja akimwambia mwenzake, "Kumbe ikinyooka sana inabana." Ni maelezo mazuri kuliko ya vitabu vingi. Waulize sasa, mtu mwenye mita 12 za seng'enge za kuzungushia banda la kuku achague umbo gani.

Kisha geuza jambo. Rudini kwenye 4 kwa 2, ila ondoa vijiti, watoto wanne washike kona kwa mikono. Waambie wawili wa upande mmoja mrefu wapige hatua ndogo kuelekea kulia, pande zote zibaki na urefu uleule. Umbo linalala. Pande bado ni 4, 2, 4, 2 na mzingo bado ni 12, lakini nafasi ya ndani inapungua. Waendelee kulaza. Inapungua zaidi. Wakifika mwisho kamba zote mbili ndefu zinakutana, hakuna nafasi hata ya kuweka kiatu, na mzingo bado ni mita 12. Eneo ni sifuri. Hapo watoto hunyamaza kwanza, kisha wanaanza kusema wote kwa pamoja, na wewe unyamaze.

Kutoka hapo wanaelewa wenyewe kwa nini urefu mara upana unafanya kazi kwenye mstatili tu, yaani pale kona zote zinapokuwa pembe mraba. Na wanahitaji njia ya kuzihakiki, maana daftari ni fupi mno kwa umbo la mita nne. Njia ya kwanza ni ulalo: pande zinazotazamana zikiwa sawa, pima kutoka kona hadi kona kwa njia zote mbili. Vipimo vikilingana, kona ziko sawa. Umbo lililolala litakuwa na ulalo mmoja mrefu na mmoja mfupi. Njia ya pili wataijua waliowahi kumtazama fundi akitandaza msingi wa nyumba: tatu, nne, tano. Na kamba yetu ya 12 inaitoa moja kwa moja, kwa kuwa 3 na 4 na 5 ni 12. Weka watoto watatu kwenye alama ya 0, ya 3 na ya 7, wavute. Kona iliyo kwenye alama ya 3 ni pembe mraba.

Pembetatu hiyo nayo ina mzingo wa mita 12. Eneo lake? Chora mstatili wa 3 kwa 4 unaoikamilisha, una miraba 12, na kamba imeukata katikati. Ni 6. Itunze hiyo, ndiyo tutakayoitumia uwanjani.

Hatua ya nne: uwanja

Panga siku hii kiangazi, na usitoke kabla ya saa nne au tano asubuhi. Nyasi zikiwa na umande kamba inashika majani, inapinda, na watoto wanalowa bure. Siku ya upepo mkali ahirisha, au weka mtoto mmoja katikati ya kila kamba ya mita 20 aizuie isiyumbe.

Viwanja vingi vya shule za huku vimechongwa kando ya mlima, kwa hiyo usitegemee mstatili. Vinafuata pale ardhi iliporuhusu. Pigilia vigingi vya mianzi kwenye kona nne, vitie vitambaa, viite A, B, C na D. Kama upande mmoja unashuka kwa nguvu, kamba isilazwe juu ya mteremko. Ishikwe iwe mlalo: wa juu aishushe hadi chini, wa chini ainyanyue kwenye fimbo, na chini ya alama aangushe jiwe kuonyesha mahali. Kwenye mteremko mdogo tofauti haionekani. Lakini ukipima mita 20 kwenye mteremko uliopanda mita 5, umbali wa mlalo ni mita 19.4 tu.

Kwa umbali mrefu kosa la kawaida ni kusahau kamba imelazwa mara ngapi. Mpe mtoto wa mbele vijiti vitano. Kila kamba inaponyooka anachomeka kijiti kwenye alama ya 20, wanasonga, na wa nyuma anapofika kwenye kijiti anakichomoa na kukiweka. Mwisho, vijiti alivyo navyo wa nyuma ndivyo kamba kamili. Wa tatu asimame nyuma ya kigingi cha kuanzia akitazama kigingi cha mbele na kuwaelekeza, "kulia kidogo, kushoto," wasiende kwa kupinda. Kila upande upimwe mara mbili, kwenda na kurudi. Katika mita 60 au 70, tofauti ya chini ya nusu mita inakubalika kwa kamba.

Uwanja tuliopima ulikuwa na AB mita 45, BC mita 64, CD mita 40 na DA mita 64.5. Mzingo ni mita 213.5, wala hakuna ubishi. Kwa eneo, kundi moja lilikimbilia 45 mara 64 likapata 2,880. Nilimuuliza kiongozi wao kwa nini hakutumia 40. Akasema, "Mwalimu, basi tutapata majibu mawili." Ndiyo. Na hilo linaonyesha umbo si mstatili.

Kwa hiyo tukanyoosha kamba kutoka A hadi C, mita 80, uwanja ukawa pembetatu mbili zenye kitako kimoja. Kilichobaki ni kimo cha kila pembetatu. Hapa tumia mbuzi. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi anakula kwa duara, na kamba yake ikiongezwa kidogo kidogo, itafika wakati anaugusa mpaka wa shamba mahali pamoja tu. Mtoto ashike mkia wa kamba kwenye kigingi B, mwenzake akitembea na ncha nyingine kando ya mstari wa AC, akiifupisha kila inapolegea. Kipimo kifupi kuliko vyote ndicho kimo. Kutoka B tulipata mita 36, kutoka D mita 32. Walio na mashaka wakahakiki kona kwa tatu, nne, tano.

Pembetatu ya kwanza ni nusu ya 80 mara 36, yaani 1,440. Ya pili ni nusu ya 80 mara 32, yaani 1,280. Jumla ni mita za mraba 2,720. Lile jibu la 2,880 limezidi kwa 160, na nilipowauliza 160 ni kubwa kiasi gani, wao wenyewe walikumbuka sakafu: karibu vyumba vitatu vya darasa letu. Ukiwa na darasa ambalo bado halijasoma pembetatu, ishia kwenye mzingo, au wapimie mstatili ulioupanga wewe kwa vigingi ndani ya uwanja.

Nyumbani kwao eneo linasemwa kwa ekari, na ekari inapimwa kwa miguu: hatua 70 kwa 70. Wapeleke huko. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo uwanja wetu ni kama theluthi mbili za ekari. Lakini hatua inayokusudiwa ni ya mtu mzima, karibu sentimita 91. Mtoto apime hatua yake kwa kamba. Ikiwa ni sentimita 60, hatua zake 70 ni mita 42, na 42 mara 42 ni 1,764, chini ya nusu ekari. Mzee anayekodi shamba la viazi kwa "ekari" iliyopimwa na kijana wa hatua fupi ameshapoteza zaidi ya nusu. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda kumpimia babu yake kwa kamba jioni ileile na kurudi na namba kwenye daftari.

Kurudisha kamba

Kabla hamjatawanyika, kamba zikaushwe juani na kuviringishwa kwenye kijiti, kuanzia alama ya mwisho, ili kitambaa chekundu kibaki juu na kiwe cha kwanza kushikwa mara nyingine. Muhula ujao, kabla ya kuzitoa, zikunje tena katikati na uzilaze kando ya futikamba. Vitambaa huteleza, na kamba ya nailoni iliyovutwa mwaka mzima hairudi yote.